Barua kwa mwanangu: nani atakaa mlangoni?

“Mama, shikamoo. Mpangaji wa chumba cha mbele anahama mwezi ujao. Nafikiria niweke meza, wanafunzi wa hapa mtaani Manzese wawe wanakuja kujisomea kwa kulipa, maana maktaba hakuna. Nitoze shilingi ngapi kwa kiti?”

Marahaba mwanangu. Huku Muheza sijambo, goti tu ndilo linanisumbua asubuhi.

Chumba kikishakuwa wazi, kabla hujamwita fundi wa meza, kakae mle ndani saa 2 usiku na taa umezima. Mwambie mdogo wako asimame barazani asome gazeti kwa sauti yake ya kawaida. Ukiyashika maneno, mwanafunzi naye atayashika, na hapo hasomi tena. Ngurumo ya feni au ya jenereta haimsumbui sana, baada ya dakika kumi anaizoea. Kinachomtoa kwenye kitabu ni maneno anayoyaelewa: majirani wanaopiga soga, redio inayosoma taarifa, singeli ya kwenye kibanda cha chipsi. Ndiyo maana feni iwake hata kukiwa na ubaridi, inayafunika maneno ya mbali.

Nyumba yetu unaijua. Marehemu baba yenu alijenga kuta za ndani zikaishia chini ya kenchi, dari hakuweka, kwa hiyo chumba cha kwanza kikikohoa cha tatu kinasikia. Sauti haipiti ukutani, inapanda juu ya ukuta na kushukia upande wa pili. Pesa yako ya kwanza iende kwenye silingibodi, na pale dari inapokutana na ukuta pazibwe kabisa. Usije ukadanganywa ubandike trei za mayai ukutani. Zile zinapunguza mwangwi wa humo ndani tu, sauti ya nje haizijui. Kwa mwangwi hata mkeka na pazia zito vinatosha.

Lakini hata ukiweka dari mbili, chumba hakinyamazi chenyewe. Niliwaambia hivyo mkiwa wadogo na mlichoka kunisikia. Nakwambia tena kwa sababu nilijifunza kwa kumkosea mtoto wa watu.

Mwaka ule uliokuwa darasa la tano, chumba hichohicho kilikuwa na viti 8. Futi 10 kwa 10, meza za mbao kwenye kuta mbili, vinne huku na vinne kule, kila mtu anatazama ukuta na kumpa mwenzake mgongo. Hilo nilipatia. Watoto wakitazamana lazima waongee. Nilikaa mlangoni na sinia langu la mchele, nachambua, na mtoto akianza kunong’ona namtazama tu. Palikuwa na binti wa kidato cha nne, kiti chake cha pili kutoka dirishani, mwenye daftari la Jiografia lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda. Kwao walikuwa saba chumba kimoja. Alilipa mpaka mtihani wa Novemba, noti zimekunjwa mara nne.

Mwezi wa Septemba akaja mwalimu wa twisheni. Akataka chumba Jumamosi mbili tu, mchana, na kwa saa tatu alitoa pesa ambayo viti vyote 8 havikuingiza kwa wiki. Nikajiambia mchana watoto wangu ni wachache, haina neno. Jumamosi ya pili nikaenda sokoni nikawaachia chumba. Narudi, naona vijana zaidi ya ishirini wamejaa mpaka barazani, mwalimu anauliza, wote wanajibu kwa pamoja. Binti kasimama ukumbini na daftari lake kifuani. Akaniambia, “Mama, kiti changu kimekaliwa.” Nikamjibu asubiri nje kidogo. Nje, mwanangu, pale kwenye mtaro, jua la saa 8! Akasema ahsante mama, akaondoka. Hakurudi. Pesa yake iliyobaki ilikuwa bado kwenye kopo langu, na kwao sikukujua.

Baba yenu alisema ni biashara, mteja huja mteja huenda. Labda. Yule mwalimu naye alikuwa anafundisha watoto walewale wa mtaa, sikumkodishia mlevi. Najitetea hivyo kila mwaka halafu nafsi inakataa. Mle ndani sikuwa nauza mbao za fundi, nilikuwa nauza kunyamaza, na nilikiuza kitu kilekile mara mbili. Wale wengine waliokuja kwa ajili ya utulivu wakapungua pia, mmoja mmoja, bila kugombana na mtu. Ukiona hivyo jua chumba kimeharibika, hata kama bado kimejaa. Watakaobaki ni wanaokuja kuchaji simu. Soketi usiiache wazi.

Sasa pesa, maana najua unaisubiri. Tuseme kiti shilingi 10,000 kwa mwezi. Viti 8 ni 80,000, lakini vitajaa Julai mpaka Oktoba tu, watoto wanapoanza kuuogopa mtihani: hiyo ni 320,000. Miezi mitano mingine pata nusu, 200,000. Novemba kidato cha nne wakianza mtihani wanakuondokea, Desemba na Januari ni ukimya usiolipwa. Jumla 520,000. Toa umeme: taa na feni kwa saa kama 10 ni karibu uniti moja kwa siku, sawa na shilingi 350 hivi, kwa miezi tisa kama 95,000. Unabaki na 425,000. Mpangaji wa 50,000 anakupa 600,000 kwa mwaka, tena miezi sita anatanguliza. Na dari sijaihesabu. Halafu LUKU ni ya nyumba nzima, wapangaji wataanza kuhesabu taa za wanafunzi wako. Weka mita ndogo ya chumba hicho mapema, kabla ya ugomvi.

Ukipandisha kiti kifike 15,000 hesabu inampita mpangaji kidogo, lakini anayeweza kulipa 15,000 mara nyingi kwao ana pa kusomea, au ana nauli ya kwenda Maktaba Kuu pale mjini, ile iliyofunguliwa 1967. Uliyemkusudia wewe hana.

Tena kuna saa. Manzese inanyamaza saa 10 alfajiri mpaka saa 12, hapo ndipo kichwa kinashika. Wavulana watakuja. Binti atatembeaje kichochoroni saa hiyo? Sisi tulikubaliana na wazazi wamlete na kumchukua, wengine wakaweza, wengine hawakuweza. Jioni saa 10 mpaka saa 1 wabakizie wasichana viti vinne, hata vikikaa vitupu.

Nilitaka nikwambie weka mpangaji, yaishe. Nimeandika hivyo na nimefuta. Nyumba sasa unaiendesha wewe, na kusema kweli nikikumbuka migongo minane imeinama chini ya taa na mvua inapiga bati mpaka mtaa mzima hausikiki, siwezi kukukataza. Ila wewe unatoka kazini saa 1 usiku na mkeo ana mtoto mchanga. Chumba hakinyamazi chenyewe. Niandikie jina la atakayekaa mlangoni, na saa zake, ndipo tuongee bei. Lile kopo ninalo huku.

Mama yako