Nataka kupiga besi studio: nisome digrii au nitafute mwalimu?

*"Shangazi, nina miaka 22, huu ni mwaka wa nne napiga gitaa la besi kwa kusikiliza tu. Nataka iwe kazi: nirekodi studio na kupigia waimbaji. Wazazi wanasema digrii ya muziki, rafiki anasema mwalimu binafsi, mimi naona mtandao unatosha. Nifuate lipi?"*

Mwanangu, prodyuza haulizi cheti. Anataka mtu wa kuangalia karatasi yenye kodi za wimbo, yaani chords, apige mara mbili tatu, kazi iishe, maana saa za studio zinalipiwa. Kabla ya kumpa yeyote ada, jipime.

Weka metronomu mapigo 60 kwa dakika, rekodi mdundo mwepesi kwa dakika mbili, kisha ukuze mawimbi ya sauti kwenye skrini. Kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 1,000. Noti zote zikichelewa sawasawa, huenda ni mashine inayochelewesha. Lakini moja ikitangulia kwa 40 na nyingine ikichelewa kwa 30, unayumba wewe, na besi yako itapishana na ngoma kubwa ya dramu. Dawa yake haihitaji mwalimu: acha metronomu ilie kwenye pigo la 2 na la 4 tu, ukizoea ilie mara moja kwa kila baa, halafu rekodi upya.

Waliojifunza kwa kusikiliza hukwama zaidi kwenye kuhamisha ufunguo. Umefanyia mazoezi C, G, A maina, F. Mwimbaji anasema wimbo uko chini, tupande hadi E flati. Aliyekariri vidole anaomba dakika kumi. Aliyeuandika kwa namba za nafasi ya kila kodi kwenye skeli, yaani 1, 5, 6 maina, 4, anasoma namba zilezile na kupiga E flati, B flati, C maina, A flati. Andika hivyo kila wimbo unaoujua, kisha upige kila mmoja kwenye funguo tatu.

Mwalimu mlipe kwa yale usiyoyasikia mwenyewe: waya usiopigwa unaovuma chinichini, kidole kimoja kinachopiga kwa nguvu kuliko mwenzake, noti inayokatwa mapema. Tafuta anayerekodi mpaka leo, umpelekee rekodi zako. Vipindi viwili kwa mwezi vinatosha, maana katikati kuna kazi ya kufanya.

Wazazi nao wana hoja. Ukitaka okestra, tamthilia za muziki au kufundisha shuleni, utahitaji kusoma nota papo hapo, na shule nyingi hudai cheti. Chuoni pia utakutana na wapiga dramu na waimbaji watakaokuita baadaye. Kazi hizi huja zaidi kwa simu ya mtu aliyewahi kupiga nawe. Ila kwa studio pekee, mimi ningeanza na mazoezi hayo pamoja na mwalimu. Mkiamua chuo, ombeni ratiba ya mwaka wa kwanza mhesabu saa za kupiga kwenye bendi na za kurekodi. Zikiwa chache kuliko za historia na nadharia, tafuteni chuo kingine.