Roboti imeposti matangazo ya zamani: namna ya kuandika ripoti bila kutafuta mchawi

Redio moja ya jamii huku mwambao, ambayo sitaitaja jina, ina roboti ndogo inayosoma faili la RSS la tovuti yao, yaani orodha ya habari za karibuni, kila baada ya dakika 15. Ikikuta habari mpya, inachukua kichwa cha habari na kiungo chake na kuviposti kwenye ukurasa wa redio wa Facebook. Kwa muda mrefu ilifanya kazi hiyo bila mtu kuikumbuka. Usiku mmoja ikaposti habari 10 za zamani kwa mkupuo. Mojawapo ilisema "Boti za asubuhi hazitasafiri kesho", tangazo la wiki tano nyuma, la siku za upepo mkali. Nyingine ilikuwa tanzia ya mtu aliyekwisha kuzikwa na arobaini inakaribia, na ndugu zake wakaanza kupigiwa simu za pole upya.

Nilipoitwa kuandika ripoti ya tukio, mtuhumiwa alikuwa amekwisha kupatikana: msaidizi wa chumba cha habari, kijana anayejitolea, mmoja wa wachache wenye nenosiri la ukurasa. Ushahidi wao ulikuwa kumbukumbu za seva zilizoonyesha kwamba posti zilitoka 19:15. Kwa wote waliosoma, 19:15 ni saa moja na robo usiku, na saa hiyo kijana alikuwa zamu na ukurasa uko wazi mbele yake. Fundi wa tovuti aligusa mitambo saa 3:40 usiku, kwa hiyo akaonekana hahusiki kabisa. Posti zilitoka kabla yake.

Ndiyo maana siku zote naanza na mtiririko wa matukio kabla sijamuuliza mtu chochote kuhusu sababu, na kabla ya mtiririko naanza na saa. Seva ile, kama seva nyingi, iliandika muda wa UTC, saa ya kimataifa. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo 19:15 ya seva ni 22:15 kwetu, yaani saa 4:15 usiku. Kijana alikuwa ameshafika nyumbani, na posti zilitoka dakika 35 baada ya fundi kugusa mitambo. Mkutano ambao ungeanza kwa barua ya onyo uligeuka palepale.

Kwenye tukio la namna hii unakutana na saa tatu tofauti: saa ya seva, saa ya simu iliyo kwenye skrinshoti za WhatsApp, na saa ya Kiswahili ambayo watu wanaitamka wakikuhadithia. Chagua moja, zigeuze zote kwenye hiyo, na juu ya jedwali andika umechagua ipi. Mimi huandika saa ya Kiswahili kwa sababu wasomaji wa ripoti ni watangazaji na wajumbe wa bodi, lakini pembeni nabakiza muda wa seva kama ulivyo ili fundi aweze kuhakiki. Kila mstari uwe na mahali ulikotoka: kumbukumbu za seva, skrinshoti, orodha ya simu zilizopigwa, au maneno ya mtu. Kilichotoka kwenye maneno peke yake nakiwekea alama, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyeamshwa usiku huteleza hata akiwa mkweli.

Mtiririko ulikaa hivi. Saa 3:31 fundi alifanya jaribio la amri ya kubadilisha anwani za tovuti kutoka http kwenda https. Saa 3:40 akaiendesha kweli. Saa 3:50 akafungua kurasa kadhaa, zote zikafunguka na alama ya kufuli ipo, na saa 4:05 akafunga kompyuta. Saa 4:15 roboti ikaposti habari 10 ndani ya dakika mbili. Saa 4:22 msikilizaji akauliza kwenye maoni: "Boti za kesho tena?" Saa 4:31 mtangazaji wa usiku akatumiwa skrinshoti, na saa 4:34 akampigia admini wa ukurasa, simu ikaita bila kupokelewa. Saa 4:58 admini akapiga na kuanza kufuta. Saa 5:06 akaondoa ruhusa ya roboti. Saa 5:20 yakatoka masahihisho. Alfajiri skrinshoti ya tangazo la boti ilikuwa bado inazunguka kwenye magrupu, na wapo abiria waliobaki nyumbani.

Hapo ndipo nikaenda kwa fundi. Swali la "kwa nini hukuangalia?" silitumii. Linamfanya mtu ajitetee, na akijitetea anakupa habari nusu. Nilimwomba afungue kompyuta anionyeshe alichokiona usiku ule, hatua kwa hatua. Amri yake ilikuwa hii, isipokuwa anwani:

```
wp search-replace 'http://example.org' 'https://example.org' --dry-run
```

`--dry-run` ni jaribio: haibadilishi kitu, inakuonyesha tu jedwali, safu na idadi ya mabadiliko yatakayofanyika. Kwenye majibu yale kulikuwa na mstari wa jedwali `wp_posts`, safu ya `guid`. Ulikuwa wazi mbele ya macho, lakini katikati ya mistari mingine chungu nzima yenye namba kubwa kuliko yake, na kazi aliyopewa ilikuwa kubadilisha anwani kila mahali. Kwa kazi hiyo, majibu yale yalikuwa na sura ya mafanikio. Hakuna kitu kwenye skrini kilichosema kwamba safu hii haiguswi.

Na haiguswi kweli. `guid` inafanana na anwani ya ukurasa, lakini kazi yake ni kitambulisho cha kudumu cha habari, na maelekezo ya WordPress, mfumo unaoendesha tovuti ile, yanaonya isibadilishwe hata tovuti ikihamia anwani nyingine. Programu zinazosoma RSS hutambua habari iliyokwisha kusomwa kwa kitambulisho hicho. Kikibadilika hata kwa herufi moja ya "s", habari ya wiki tano nyuma inahesabiwa kuwa mpya. Faili la RSS la WordPress hubeba habari 10 za karibuni usipobadilisha mipangilio, ndiyo sababu ya 10 zile. Tarehe zake za zamani zilikuwemo ndani ya faili bila kuguswa, ila roboti haikuandikwa isome tarehe.

Kilichobaki kutusumbua kilikuwa zile dakika 35. Kama `guid` zilibadilika saa 3:40, kwa nini mizunguko ya roboti ya saa 3:45 na saa 4:00 ilipita kimya? Tovuti ilikuwa na programu-jalizi inayohifadhi nakala ya kurasa, RSS ikiwemo, kwa nusu saa. Mizunguko hiyo miwili ilisomeshwa nakala ya zamani. Nakala ikaisha muda wake, na mzunguko wa saa 4:15 ukakutana na faili jipya. Fundi alisubiri, akakagua, akaona salama, akalala; madhara yalikuwa bado njiani. Ukipata kipande kama hiki usikiache nje ya ripoti hata kama ni cha kiufundi, maana ndicho kinachomwonyesha msomaji kwamba kukagua tu baada ya kazi kusingesaidia usiku ule.

Kuhusu lugha, wengi hudhani kutolaumu ni kuandika kila kitu kwa kufichaficha: "amri iliendeshwa", "posti zilitolewa". Matokeo yake haijulikani nani alifanya nini, na ripoti haimsaidii mtu. Mimi nataja cheo: fundi wa tovuti alifanya hiki, kwa sababu aliona kile. Ninachokiondoa ni sentensi za "angeangalia" na "asingebonyeza", kwa sababu zinaeleza usiku ambao haukuwapo. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na meneja, ilikuwa nazo nyingi. Nilimrudishia tukazitoa pamoja, na palipokuwa na "fundi angesoma maelekezo" tukaandika "maelekezo ya kazi aliyopewa hayakutaja `guid`". Ni kweli tupu, na inaonyesha pa kurekebisha.

Sehemu ya pili ya tukio haina teknolojia kabisa. Tangu posti kutoka hadi mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kuzizuia kushika simu zilipita dakika 43. Mtangazaji aliona tatizo mapema lakini hakuwa na ruhusa ya kufuta wala kuzima. Jambo hili haliwapati wenye redio ndogo tu. Tarehe 13 Januari 2018, Hawaii walitumiwa kwenye simu onyo la uongo la kombora na ikachukua dakika 38 onyo la kusahihisha kutumwa. Gavana David Ige alieleza baadaye kwamba hakujua namna ya kuingia kwenye akaunti yake ya Twitter. Kwenye ripoti, sehemu ya kuzuia madhara ipe hesabu yake ya muda, mbali na sababu ya kosa, kwa sababu marekebisho yake ni mengine kabisa.

Katika marekebisho, meneja alianza na "mafundi wawe makini zaidi". Niliikataa. Marekebisho nayakubali kama yana mwenye kazi kwa cheo, tarehe ya kumaliza, na namna ya kuthibitisha kwamba yanafanya kazi. Tulibaki na machache. Kwanza, `--skip-columns=guid` iliongezwa kwenye maelekezo ya kuhamisha anwani, pamoja na kuzima roboti kabla ya kazi. Pili, roboti ilifundishwa kusoma tarehe na kujiwekea kikomo:

```
if umri > timedelta(hours=24) or len(mpya) > 3:
    simama_na_uliza()
```

Tatu, kila mtangazaji wa zamu alipewa swichi ya kuzima roboti bila kuhitaji nenosiri la ukurasa. Ukiibonyeza kimakosa, hasara ni posti kuchelewa hadi asubuhi. Nne, vichwa vya habari vya usafiri vilipigwa marufuku kusema "kesho" bila tarehe, kwa kuwa kinachosambaa kwenye skrinshoti ni kichwa peke yake.

Kuthibitisha lile la pili tuliweka kwenye faili la majaribio habari ya zamani yenye `guid` mpya, roboti ikaikataa. Lakini jaribio hilohilo lilitufunulia upungufu: mhariri akiweka tarehe ya nyuma kwa bahati mbaya, tangazo la dharura la leo litakataliwa pia, kimyakimya. Kwa hiyo roboti sasa ikikataa inatuma ujumbe kwenye grupu la zamu, ukiwa na kichwa cha habari na sababu ya kukataa, na aliye zamu anaamua.

Nilirudi baada ya mwezi kuangalia orodha. Matatu ya kwanza yalikuwa yamekamilika. La nne lilikuwa linavunjwa karibu kila wiki, kwa sababu liliachwa kama agizo kwenye ubao wa matangazo. Tukalihamishia kwenye fomu ya kuandikia habari: ukichagua kundi la usafiri na kichwa hakina tarehe, kitufe cha kuchapisha hakiwaki.