Ruhusa ya kwenda kubadilisha kitambulisho: niombe masaa au siku nzima?

Swali: Habari, nimepangiwa tarehe ya kwenda kubadilisha kitambulisho changu, ni wiki tatu kutoka leo saa 4 asubuhi, siku ya kazi. Niombe ruhusa ya masaa mawili au likizo ya siku nzima? Na lazima nionyeshe ile karatasi ya miadi?

Jibu: Nzuri. Hayo masaa mawili sahau kabisa, ndo kosa ninaloliona kila mara kwenye hii kazi ya rasilimali watu: mtu anahesabu muda wa dirishani tu, anasahau njia na foleni.

Piga hesabu kuanzia mlangoni kwako. Tuseme safari ni saa moja na unatakiwa kufika nusu saa kabla, basi unatoka saa 2 na nusu. Kama kazi unaanza saa 2, kuja kukaa dakika 30 haina maana. Foleni, picha na alama za vidole weka masaa mawili, unatoka saa 6, kurudi saa 7, halafu ongeza lisaa moja la mtandao kugoma maana hiyo haikosekani. Kwa hiyo omba mpaka saa 8 mchana, ukiwahi kurudi hakuna atakayekulaumu.

Sasa hayo masaa yanakatwa wapi? Hapa angalia mkataba, maana kampuni nyingi hazina likizo maalum ya mambo ya vitambulisho, kwa hiyo inakuwa nusu siku ya likizo ya mwaka, au unafidia masaa, au bila malipo. Pendekeza mwenyewe mojawapo, bosi akiachiwa achague mara nyingi anachagua ya kukukata. Ila usije ukaandika unaumwa, siku wakitaka cheti cha daktari utasema nini?

Andika leo leo, kabla ratiba ya shifti haijapangwa, mfupi tu:

"Bosi, naomba ruhusa Jumatano ya wiki ya tatu kuanzia sasa, asubuhi hadi saa 8 mchana, nina miadi ya kubadilisha kitambulisho. Naomba ikatwe nusu siku kwenye likizo yangu ya mwaka. Ripoti nitaikabidhi Jumanne, simu za wateja atapokea mwenzangu, tumeshakubaliana. Uthibitisho nimeambatanisha."

Karatasi onyesha, ila funika namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, wao wanachohitaji ni jina lako, siku na saa. Akikujibu kwa mdomo "poa nenda" mtumie meseji ya kumkumbusha alichokubali, kuna dada mmoja alikubaliwa kwenye korido, bosi akahamishwa, mshahara ukaja umekatwa siku nzima kama mtoro na hakuwa na pa kushika.

Halafu ukiwa pale dirishani uliza kama kuchukua kitambulisho lazima uende mwenyewe. Kama ndiyo, hiyo ni ruhusa nyingine, iombe ukirudi tu.