Solenoidi ndefu: kanuni ya Ampère inakufikisha wapi, na mwishoni ufanye nini

Anayeanza somo la sumakuumeme huhesabu uga wa sumaku katikati ya solenoidi ndefu bila shida. Shida huja anapoulizwa uga wa mwishoni, pale waya unapoishia. Wengi hujibu kwamba ni nusu ya ule wa katikati, na jibu ni sahihi, lakini njia waliyopita kulifikia haiwezi kulitoa. Ni vizuri kuijua tofauti hiyo mapema, kwa sababu swali likigeuzwa kidogo tu, njia ile mbovu hutoa jibu mbovu.

Tutumie koili moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bomba la plastiki limezungushiwa waya wa shaba wenye vanishi, unene wake milimita 1 pamoja na vanishi, safu moja, mizunguko 400 iliyobanana. Urefu wa koili kwa hiyo ni sentimita 40. Kutoka kwenye mhimili hadi katikati ya waya ni sentimita 2, nayo ndiyo R yetu. Mkondo ni ampea 1.5.

Kanuni ya Ampère inasema hivi: chukua njia yoyote iliyofungwa, ukitembea juu yake zidisha kila kipande cha urefu kwa sehemu ya uga inayoelekea upande uendako, kisha jumlisha. Jumla hiyo ni sawa na μ0 mara mkondo wote unaopenya ndani ya njia hiyo. Kanuni haikuambii uga ni kiasi gani mahali fulani, inakupa jumla tu. Ili utoke kwenye jumla upate uga wenyewe, lazima ujue kwa sababu nyingine kwamba uga ni uleule kwenye kipande kizima cha njia. Sababu hiyo ni ulinganifu, na katika solenoidi ndefu sana ulinganifu upo: ukisogea sentimita chache kwenye mhimili katikati ya koili hakuna kinachobadilika, kwa hiyo uga unaelekea sambamba na mhimili na haubadiliki kwa kusogea.

Watu wengi huruka moja kwa moja kwenye mstatili unaokata waya. Usiruke. Anza na mstatili ulio ndani mtupu, pande zake mbili ndefu zikiwa sambamba na mhimili. Hakuna mkondo unaoupenya, kwa hiyo jumla ni sifuri, na pande fupi hazichangii kitu kwa sababu uga uko wima kwazo. Basi uga wa upande mmoja mrefu ni sawa na wa upande wa pili. Hapo umethibitisha kwamba uga wa ndani ni uleule kwenye mhimili na karibu na waya. Fanya hivyohivyo kwa mstatili ulio nje mtupu: uga wa nje nao ni uleule popote, na kwa kuwa mbali sana hufifia hadi sifuri, ni sifuri hata karibu. Sasa ndipo uchukue mstatili wenye upande mmoja ndani na mwingine nje. Upande wa ndani wenye urefu ℓ umezungukwa na mizunguko nℓ, kwa hiyo Bℓ = μ0nℓI, na ℓ inafutika:

```
B = μ0 n I
  = 4π × 10^-7 × 1000 × 1.5
  = 1.885 × 10^-3 T
```

Yaani militesla 1.885. Kosa la kawaida hapa ni n. Ni idadi ya mizunguko kwa kila mita, si idadi yote. Mizunguko 400 kwenye mita 0.40 ni 1000 kwa mita. Ukiweka 400 utapata militesla 0.75, na kwa kuwa namba hiyo inaonekana ya kawaida, huwezi kuishtukia. Koili ikiwa na safu mbili zilizozungushwa upande mmoja, hesabu safu zote mbili.

(Ukweli kamili ni kwamba waya wa safu moja pia hutambaa kutoka mwanzo hadi mwisho wa bomba, kwa hiyo nje uga si sifuri kabisa. Upo unaolizunguka bomba, kama ule wa waya mmoja ulionyooka: kwa sentimita 5 kutoka kwenye mhimili ni takriban militesla 0.006. Ni mdogo, ila kihisio kizuri kitauona.)

Sasa twende mwishoni. Mwanafunzi anachora mstatili wenye upande mrefu wa sentimita 8 juu ya mhimili, sentimita 4 zikiwa ndani ya koili na 4 zikiwa nje, na upande wa pili mrefu uko nje ya waya. Mizunguko inayopenya ni 40, si 80. Anagawanya kwa sentimita 8, anapata nusu ya μ0nI, anafurahi. Mwambie ausogeze mstatili uleule ili sentimita 6 ziwe ndani na 2 nje. Mizunguko ni 60, na kwa njia yake jibu ni robo tatu. Mwisho wa koili haujasogea, jibu limebadilika. Alichokipata mara zote mbili ni wastani wa kukisia wa kipande kizima, tena kwa kudhani pande nyingine tatu hazichangii kitu. Mwishoni zinachangia, kwa sababu mistari ya uga inatawanyika, haiko tena wima kwa pande fupi, na upande mrefu wa nje nao una uga. Kanuni ya Ampère bado ni kweli kwa kila mstatili, hilo lisikuchanganye. Kilichokwisha ni ulinganifu uliokuruhusu kuitoa B nje ya jumla.

Njia sahihi ni fupi, na inaitumia kanuni ileile pale inapofaa. Chukua solenoidi isiyo na mwisho upande wowote, ambayo uga wake umeshaupata: μ0nI. Ikate kwa mawazo mahali pamoja, upate nusu mbili zilizotazamana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Pale kwenye mkato, nusu zote mbili zinatoa uga sawa ulio sambamba na mhimili, na zikijumlishwa lazima zitoe μ0nI. Kila moja basi inatoa nusu. Ondoa nusu moja. Iliyobaki ni solenoidi yenye mwisho, na mwishoni pake uga ni μ0nI/2. Hoja hii haikudai uwe juu ya mhimili. Sehemu ya uga iliyo sambamba na mhimili ni nusu kwenye uso mzima wa mdomo wa koili. Ile inayoelekea pembeni ilifutana na ya nusu ya pili, na sasa imebaki peke yake, ndiyo maana mistari inapanuka pale mdomoni. Inafuata pia kwamba nusu tu ya mistari iliyopita katikati ndiyo inayotokea mdomoni. Nusu nyingine imeshapenya kati ya waya za ubavuni kabla ya kufika.

Kwa koili yenye urefu maalumu L, uga juu ya mhimili unapatikana kwa kujumlisha mchango wa kila mzunguko, x ikipimwa kutoka mwisho mmoja na kuwa hasi ukiwa nje:

```
B(x) = (μ0 n I / 2) [ x/√(x² + R²) + (L − x)/√((L − x)² + R²) ]
```

Kwa koili yetu, katikati ni militesla 1.876, chini ya ile ya koili isiyo na mwisho kwa nusu asilimia tu. Sentimita 4 ndani kutoka mwishoni ni 1.784, sentimita 2 ndani ni 1.61, mwishoni kabisa 0.941, sentimita 2 nje 0.275, na sentimita 4 nje zimebaki 0.099. Tazama mahali mabadiliko yalipojikusanya: kutoka sentimita 4 ndani hadi sentimita 4 nje, yaani mara mbili ya R kila upande. Neno “ndefu” katika swali linamaanisha ndefu kulinganisha na R, na ukiwa zaidi ya mara nne ya R kutoka mwisho wowote, μ0nI inatosha kwa kosa la kama asilimia 1 na nusu.

Mwishoni ndipo uga hushuka kwa kasi kuliko popote, na kasi hiyo ni μ0nI/2R. Kwetu ni militesla 0.47 kwa kila sentimita, au 0.047 kwa milimita. Hii ndiyo inayoharibu vipimo vingi vya maabara. Kihisio cha Hall kwa kawaida hakikai kwenye ncha kabisa ya fimbo yake, kiko milimita chache nyuma. Ukiweka ncha mdomoni mwa koili wakati kihisio kiko milimita 3 nje, utasoma takriban 0.80 badala ya 0.94, na utadhani nadharia ina kasoro ya asilimia 15. Tafuta alama ya kihisio kwenye fimbo na pima x kutoka hapo.

Mambo mengine mawili. Uga wa dunia huku Afrika Mashariki ni kama militesla 0.03, usio na maana katikati ya koili lakini karibu theluthi ya unachopima sentimita 4 nje. Soma mara moja, geuza mkondo, soma tena, kisha chukua nusu ya tofauti ya visomo viwili. La pili ni joto. Koili hii ina waya wa mita 50 hivi na inazalisha joto la wati 3 kwa ampea 1.5, ukitumia chanzo cha volti isiyobadilika, kila nyuzi 10 za joto la shaba zinapunguza mkondo kwa karibu asilimia 4. Andika kisomo cha ammita kando ya kila kisomo cha uga.

Mwisho wa kazi, rudi kwenye kanuni ya Ampère, maana sasa ina kazi inayoiweza vizuri. Chukua njia inayopita mhimili mzima kutoka mbali upande mmoja hadi mbali upande wa pili, kisha irudi kwa kuzunguka mbali sana nje, ambako uga hauna kitu. Jumla ya njia yote ni μ0NI, na hapa kweli N ni 400: militesla 75.4 mara sentimita. Pima kila sentimita 2, ukianzia sentimita 10 nje upande mmoja hadi sentimita 10 nje upande wa pili, jumlisha visomo vyote, zidisha kwa 2. Unapaswa kupata takriban 75, kwa kuwa mikia iliyobaki nje ya hapo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Jumla hii haijali kabisa kama kihisio kilikuwa milimita 3 mbele au nyuma, mradi kilikosea hivyohivyo kote. Kwa hiyo jumla ikiwa sawa lakini kisomo cha mwishoni hakikubali kuwa nusu, kosa liko kwenye x. Jumla yenyewe ikipungua, kahesabu upya mizunguko na uangalie ammita.