Baharia hakuzaliwa Tanga: neno moja lilivyoniaibisha redioni

Juzi kijana mmoja wa chuo kaniandikia: "Shangazi, shikamoo. Nasikia neno baharia wanalosema vijana ni letu sisi watu wa Tanga, limetoka bandarini. Naomba ushahidi niweke kwenye ripoti yangu." Nilicheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakafurika. Mwanangu, ushahidi huo hata mimi niliutafuta, tena niliutafuta baada ya kwisha kuutangaza.

Simzungumzii baharia wa chombo. Namsema baharia wa kijiweni: mwanamume anayepambana na maisha, amezoea dhiki, hana pa kuegemea, na kwa midomo ya wengine ni mwenye mwanamke kila kituo. "Oya baharia, vipi?" Huyo.

Mwaka 2020 redio moja ya hapa mjini ilinialika kwenye kipindi cha lugha. Nikaenda na gauni jipya. Nikasema kwa kifua kipana kwamba neno hili limezaliwa Tanga, kwa sababu sisi ndio wenye bandari, sisi ndio wenye majahazi ya Pemba, na vijana wetu wamekulia miguuni mwa mabaharia wa kweli. Nikamtaja na Shaaban Robert, kana kwamba naye alikaa kijiweni! Akapiga simu baba mmoja, sauti ya upole, akauliza swali moja tu: "Dada, neno hilo kwa maana hiyo ulilisikia lini kwa mara ya kwanza, na wapi?"

Sikuwa na tarehe. Sikuwa na mahali. Mtangazaji akaweka wimbo.

Nilipofika nyumbani nilikasirika wiki nzima, na nikiri kwamba hasira yenyewe haijaisha, maana wapo wanaonitania mpaka leo wakinikuta sokoni. Lakini swali la yule baba lilikuwa la haki. Kuwepo kwa mabaharia Tanga kunathibitisha kwamba Tanga kuna mabaharia, basi. Neno kwa maana yake ya bahari ni la kale na limeenea pwani nzima, limetoka Kiarabu. Kinachotafutwa ni lini na wapi maana ya pili ilipandikizwa juu ya ile ya kwanza. Bandari zipo pia Dar es Salaam, Mtwara, Unguja na Mombasa, na kila mwenyeji wa huko angeweza kukaa redioni na gauni lake akasema kama nilivyosema.

Nikaanza upya kwa kadi. Nilikata maboksi ya viatu. Kila nilipokutana na neno niliandika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, siku, mahali, nani kamwambia nani, na mstari wa mwisho: maana gani, na nimejuaje. Mstari huo wa mwisho ndio uliookoa kazi. Mtu akikuambia "nimelisikia sana" hajakupa kitu, andika tarehe.

Nilifika kadi 63, zikiwemo nilizonakili kutoka ujumbe wa zamani wa simu, kwa ruhusa ya wenye simu. Nilipozichambua, 38 zilikuwa za baharia wa kweli, mwenye chombo. Zilizobaki za kijiweni zilikuwa 16. Na 9 zikanishinda. Mfano wa zilizonishinda ni hii, niliyoisikia Sahare asubuhi, vyombo vikiingia: "Baharia hajala tangu jana." Aliyesema ni mvuvi, anayesemwa ni mvuvi mwenzake, na kweli alikuwa na njaa. Ni kazi yake inayotajwa au ni utani wa mjini? Mwanzoni kadi kama hizi nilizitia zote kwenye fungu la mtaani, kwa kuwa nilizitaka. Hapo ndipo mtafuta asili ya neno anapojidanganya, na mahali kama Tanga mtego ni mkubwa kuliko Dodoma: Dodoma akiitwa mtu baharia, huna haja ya kuuliza kama ana jahazi.

Nilichojifunza ni kuangalia neno limekaa wapi ndani ya sentensi. Likitumika kumwita mtu asiyejua hata kuogelea, ni la mtaani. Likija na "wangu", kama "baharia wangu", mara nyingi ni la mtaani, ingawa nahodha naye anaweza kusema hivyo juu ya mfanyakazi wake. Likija na nahodha, kamba, tanga au safari ya Pemba, ni la chombo. Lisiloeleweka liache kwenye fungu lake, usilisukume.

Sasa zile 16. Nikazipanga kwa tarehe. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ujumbe wa Agosti 2019 kwenye kundi la ukoo la mpwa wangu, na aliyeuandika ni binamu yake anayeishi Mbagala, Dar es Salaam. Ya kwanza iliyoandikwa na mkazi wa Tanga ilikuja Novemba mwaka huohuo, naye alikuwa anamjibu binamu yuleyule. Mnaona inavyouma? Kadi zangu mwenyewe, nilizozikata kwa mkono wangu, zikageuka mashahidi wa upande wa pili.

Lakini msikimbilie kuandika kwamba limezaliwa Mbagala. Tarehe ya kwanza uliyoipata inasema jambo moja tu: siku hiyo neno lilikuwepo tayari. Linaweza kuwa na miaka mitano midomoni kabla halijaandikwa, na kundi la ukoo wetu si Tanzania nzima. Ujumbe wa simu nao husambazwa, aliyeutuma si lazima awe aliyeutunga. Kwa hiyo naweza kusema kwamba kwenye kadi zangu njia inaonekana ikitoka Dar es Salaam kuja Tanga. Lilipozaliwa silijui, wala kadi 16 haziwezi kunijulisha. Andika tarehe, na usidai zaidi ya tarehe.

Kilichonifariji ni msela. Neno hili ni la zamani kuliko baharia wa kijiweni. Sisi tuliosoma sekondari miaka ya 1990 tulilitumia mpaka likachakaa. Husemwa kwamba limetoka kwenye neno la Kiingereza "sailor", mtu wa melini, nami hapa sikutaka kuamini kwa kusikia, nikalipima. Sauti inakubali: irabu ile ya Kiingereza ikiingia kwetu huwa "e", kama tulivyopata reli, jela na trela. Wingi nao unasema kitu. Hatusemi wasela, tunasema masela, kama madereva na mabaharia, maneno ya watu yaliyoingia kutoka nje yakavishwa "ma". Halafu tuna usela na kisela, kwa hiyo kiini ni "sela", na ile "m" ya umoja imebandikwa baadaye ili neno lifanane na mtu.

Yupo mzee aliyenishikia kwamba linatoka selo, ile ya polisi, kwa kuwa masela ndio wanaolala humo. Maana inavutia. Lakini selo inaishia na "o", na hakuna aliyewahi kunionyesha kwa nini ingegeuka "a". Anayetaka asili hiyo alete kwanza mtu anayeitwa mselo.

Basi msela alitoka melini, akawa mhuni wa mjini, kisha akawa rafiki tu. Baharia naye kapita njia ileile kwa neno la Kiswahili. Je, vijana walimtafsiri msela? Niliwauliza 20 wa Ngamiani na Makorora. Wawili tu walihusisha msela na meli, na hao wawili, nasema kweli, niliwauliza vibaya. Niliwaambia, "Msela si ndiyo baharia kwa Kiingereza?" Wakasema ndiyo, shangazi. Adabu! Kijana wa Tanga hatakubishia uso kwa uso. Kadi hizo mbili nilizitupa. Kwa 18 waliobaki msela hana bahari yoyote kichwani mwao, kwa hiyo hata kama mtunzi wa kwanza alitafsiri, wanaolitumia leo hawatafsiri kitu.

Kuhusu nani anaweza kumwambia nani, sikuuliza "neno hili ni zuri au baya". Swali hilo hukupa hotuba. Nilimpa mtu sentensi moja na kumuuliza mambo manne kwa zamu: umewahi kuisikia, ungeisema wewe, ungemwambia nani, na nani hungethubutu. Majibu hutofautiana kwa mtu mmoja. Fundi baiskeli mmoja aliniambia hatumii kabisa maneno ya kihuni, yeye ni baba wa watoto watatu. Tulikuwa bado tumesimama akapita mwenzake na pampu. "Oya baharia, nirudishie!" Akageuka, akanitazama, tukacheka wote. Niliandika kadi mbili: alichosema anafanya, na alichofanya. Usiifute mojawapo.

Hapo nikaona tofauti niliyokuwa sijaitegemea. Msela mbele ya mkwe hakuna aliyeikubali, wazee wanaitambua papo hapo kwamba ni lugha ya vijiweni. Baharia wengi waliikubali, na sababu waliyotoa ni ya ujanja: mzee haigundui. Neno lipo kwenye kamusi, ni safi, lina kazi halali. Neno la mtaani lililovaa nguo za neno la kawaida hupita mlangoni bila kukaguliwa. Wadogo, wa chini ya miaka 20, waliniambia msela ni "la kina baba". Hiyo inaelekea kuonyesha kwamba neno linazeeka pamoja na wenyewe, ingawa ningependa kuwauliza tena wadogo hao wakifika 30 kabla sijaapa.

Nilikwenda pia Kasera kwa mabaharia wenyewe, ambao redioni niliwasemea bila kuwauliza. Nilimwamkia nahodha mmoja aliyekuwa anakagua kamba, nikamweleza. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, baharia hushika kamba. Hao wameshika simu." Kijana wake, mwenye umri wa miaka kama 22, alikuwa nyuma yake anatabasamu. Yeye ni baharia kwa maana zote mbili, na aliniambia akiwa baharini akiitwa baharia hujua ni kazi, akiwa barabara ya 12 hujua ni salamu. Maana mbili, mtu mmoja, shati lilelile.

Nimemjibu yule wa chuo kwamba ripoti yake ianze kwa kufuta sentensi ya kwanza. Hajanijibu. Na mimi kadi sijaacha. Wiki iliyopita soko la Mgandini muuza nazi alimwita shoga yake "baharia wangu", mwanamke kwa mwanamke, jambo ambalo sijalipata hata mara moja kati ya zile 16. Moyo ulinidunda. Nikatoa kadi, nikaandika Jumanne, saa tatu asubuhi, kisha nikamuuliza shoga yako anafanya kazi gani.

"Anapika kwenye boti ya Pemba."

Imekwenda kwenye lile fungu la 9. Sasa ni 10.