Kwa wanaoanza kazi ya kupanga machaguo: kabla hujaweka tiki kwa niaba ya mtu

Ukiingia kwenye kazi hii utaambiwa mapema kwamba chaguo-msingi lina nguvu kuliko matangazo, semina na mabango yote ukiyaweka pamoja. Ni kweli. Usiloambiwa mapema ni kwamba nguvu hiyo huwashika pia watu waliokuwa wanaendelea vizuri bila wewe. Nataka tukae hapo, maana ndipo wengi wetu huharibu.

Chaguo-msingi ni kile kinachotokea mtu asipofanya lolote. Hakuna kilichokatazwa, hakuna bei iliyopanda wala kushuka, na njia nyingine zote ziko wazi. Kilichobadilika ni swali moja tu: nani anatakiwa kusumbuka, anayetaka kuingia au anayetaka kutoka?

Kisa kinachofundisha kuliko vingine ni cha kampuni moja kubwa ya Marekani, iliyochunguzwa na Brigitte Madrian na Dennis Shea katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Kampuni ilikuwa na mpango wa akiba ya uzeeni. Kwa kila kiasi alichoweka mfanyakazi, mwajiri aliongeza nusu yake, lakini hesabu hiyo iliishia kwenye asilimia 6 ya mshahara. Awali, aliyetaka kujiunga alijaza fomu. Kuanzia Aprili 1998 mambo yakageuzwa: mfanyakazi mpya aliandikishwa moja kwa moja, akikatwa asilimia 3 ya mshahara, na fedha zake zikawekwa kwenye mfuko usio na hatari kubwa wala faida kubwa. Asiyetaka alikuwa huru kujitoa, na aliyetaka kiwango kingine alikuwa huru kukibadilisha.

Miongoni mwa walioajiriwa chini ya utaratibu wa zamani, waliokuwa wamejiunga walikuwa asilimia 49. Chini ya utaratibu mpya walikuwa asilimia 86. Hapa ndipo mawasilisho mengi huishia, watu wakapiga makofi na kwenda kunywa chai.

Sasa angalia walibaki kwenye kiwango gani. Takriban robo tatu ya walioandikishwa moja kwa moja walikuwa bado kwenye ile asilimia 3. Zamani, waliojaza fomu kwa mikono yao walikuwa wakichagua zaidi asilimia 6, kwa sababu hapo ndipo mwajiri huacha kuongeza. Na ule mfuko wa faida ndogo, ambao zamani ni wachache sana waliouchagua, sasa ulijaa watu ambao hawakuwahi kuuchagua.

Tupige hesabu ya mfano, kwa namba nilizozirahisisha. Chukua wafanyakazi 10, kila mmoja ana mshahara wa 100. Kwa utaratibu wa fomu, 5 wanajiunga na kila mmoja anaweka 6. Hiyo ni 30, mwajiri anaongeza 15, jumla 45. Kwa utaratibu wa kuandikisha, 9 wanabaki na kila mmoja anaweka 3. Hiyo ni 27, mwajiri anaongeza 13.5, jumla 40.5. Idadi ya waliojiunga imekaribia kuongezeka maradufu, na akiba yote kwa pamoja imepungua.

Je, huo ni mpango mbaya? Mimi nasema hapana, kwa sababu 4 ambao wasingekuwa na kitu sasa wana kitu, na katika utafiti ule walionufaika zaidi kwa kujiunga walikuwa vijana na wenye mishahara midogo. Lakini wale 5 wamepunguziwa, kila mmoja kutoka 9 hadi 4.5, na hakuna aliyewauliza. Ukiripoti asilimia ya waliojiunga peke yake, hutawaona kabisa.

Namna ya kuwaona ni rahisi. Usiombe wastani, omba mgawanyo. Chora ni watu wangapi wako kwenye kila kiwango, 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Ukiona mlima mmoja mrefu umesimama juu ya namba uliyoiandika wewe, ujue hiyo ni namba yako, si yao. Rudia mchoro huo baada ya miezi sita, kisha baada ya mwaka. Mlima ukiyeyuka taratibu, watu wanajirekebisha wenyewe. Ukibaki palepale, umewaamulia, hata kama karatasi inasema wamechagua.

Kabla ya kurekebisha, jiulize kwa nini wamebaki. Kuna sababu tatu zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni usumbufu: fomu ni ndefu, nywila imesahaulika, kesho nitafanya. Ya pili ni kwamba mtu ameiona namba akaichukulia kama ushauri wa wanaojua. Ya tatu ni kwamba kilichopo tayari kimekuwa mahali pa kuanzia kuhesabu, na kukiacha kunauma kama kupoteza. Huwezi kuzitenganisha kwa kufikiri ukiwa mezani, unazijaribu. Kwa kundi moja punguza hatua za kubadilisha kiwango hadi kubofya mara moja. Wakihama wengi, tatizo lilikuwa usumbufu. Kwa kundi jingine acha hatua kama zilivyo, ila andika wazi karibu na namba kwamba hicho ni kiwango cha kuanzia tu, si pendekezo, na kwamba nyongeza ya mwajiri huendelea hadi asilimia 6. Wakihama hao, walikuwa wamekusikiliza wewe. Ni jaribio dogo, na litakuokoa miezi ya kubishana kwenye vikao.

Dawa ya kiwango cha chini si lazima iwe kupandisha namba ghafla. Richard Thaler na Shlomo Benartzi walijaribu njia nyingine kwenye kiwanda kimoja cha ukubwa wa kati nchini Marekani kuanzia mwaka 1998, na wakachapisha matokeo mwaka 2004. Wafanyakazi waliokuwa wamekataa ushauri wa kuongeza akiba papo hapo waliulizwa kama wangekubali leo iongezeke baadaye, kila mshahara unapopanda. Asilimia 78 walikubali. Kila nyongeza ya mshahara ilipokuja, mchango ulipanda kwa pointi 3 za asilimia, na kwa kuwa ulipanda pamoja na mshahara, hakuna aliyeona fedha za mkononi zikipungua. Ndani ya miezi 40 wastani wa akiba yao ulitoka asilimia 3.5 hadi 13.6. Angalia alivyotumiwa yule yule adui wetu, uzembe wa kubadilisha kitu, kufanya kazi ya kuwapandisha. Huu ndio ufundi ninaoupenda kuliko mwingine wowote kwenye fani yetu.

Uingereza ilifuata njia inayofanana kwa nchi nzima. Uandikishaji wa moja kwa moja ulianza Oktoba 2012, ukianza na waajiri wakubwa, na mchango wa chini ulikuwa asilimia 2 tu, wa mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja. Ulipanda hadi 5 Aprili 2018, na hadi 8 Aprili 2019, bila kuleta wimbi la watu kujitoa. Anayejitoa ndani ya mwezi mmoja hurudishiwa fedha zake, na takriban kila baada ya miaka mitatu mwajiri humwandikisha tena, naye anaweza kujitoa tena. Mtu akinilazimisha kuchagua kipengele kimoja cha kuiga kutoka kwao, nitachagua hicho cha mwisho. Kinakubali kwamba aliyekataa akiwa na miaka 24 si yule yule akiwa na miaka 27.

Tahadhari nyingine ni kuhusu unachokipima. Utakutana na mchoro maarufu wa Eric Johnson na Daniel Goldstein wa mwaka 2003 kuhusu kuchangia viungo vya mwili baada ya kifo. Ujerumani, ambako mtu lazima ajiandikishe, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, ambako kila mtu huhesabiwa amekubali mpaka akatae, walikuwa asilimia 99.98. Hizo ni rekodi za ridhaa, wala si figo zilizopandikizwa. Hispania, inayosifiwa kwa upandikizaji, ina sheria ya ridhaa ya kudhaniwa tangu 1979, lakini madaktari bado huzungumza na familia, na wenyewe hutaja zaidi shirika la kitaifa la uratibu lililoanzishwa 1989, lenye waratibu waliofunzwa ndani ya hospitali. Kwa hiyo kwenye mradi wako fuata mnyororo hadi mwisho. Aliyeandikishwa kwenye akiba, je, akihama kazi fedha zinahama naye au anazitoa na kuzitumia? Tiki ni mwanzo wa mnyororo tu.

Na usiwaahidi wakubwa wako miujiza. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walilinganisha, katika utafiti wa mwaka 2022, majaribio ya msukumo mdogo, yaani kubadilisha kidogo namna chaguo linavyowekwa mbele ya mtu bila kumkataza lolote, yaliyochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma na yale yaliyofanywa na vitengo viwili vikubwa vya kazi hii nchini Marekani. Ya kwenye majarida yalileta wastani wa pointi 8.7 za asilimia, ya vitengo pointi 1.4. Sehemu kubwa ya tofauti inatokana na majarida kupenda matokeo makubwa. Kumbuka pia kwamba vitengo hivyo mara nyingi hubadilisha maneno ya barua na vikumbusho. Chaguo-msingi ni nadra kuruhusiwa kuligusa. Ukiruhusiwa kuligusa, tarajia mabadiliko makubwa, na kwa sababu hiyo uwe mwangalifu zaidi.

Kuna sehemu ambazo hutakiwi kuweka tiki kabisa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, unakataza muuzaji kumtoza mteja kitu cha ziada kupitia kisanduku kilichotiwa tiki mapema. Oktoba 2019 mahakama yake ya haki iliamua pia kwamba kisanduku cha namna hiyo si ridhaa halali ya kuhifadhi vidakuzi kwenye kifaa cha mtu. Hata pasipo sheria, mimi hutumia kipimo hiki: nahesabu mibofyo ya kuingia na mibofyo ya kutoka. Kama kuingia ni sifuri na kutoka ni kupiga simu saa za kazi tu, narudisha rasimu kwa mwenyewe. Na kama watu wanatofautiana sana kwa mahitaji, kiasi kwamba namba moja itawafaa wachache, siweki chaguo-msingi lolote. Naweka swali lisiloweza kurukwa, na mtu hapiti ukurasa huo mpaka ajibu mwenyewe.