Picha ya mji wa mlimani, ni wapi?

"Rafiki, nimerudi Dar, kuna picha hii imetoka ukungu, nyumba zimepanda mlima. Tulipita Lushoto, Moro na Mwanza, hapa ni wapi?"

Hapo Mwanza bana. Zumu kushoto, yale madude ya kijivu kati ya mabati sio nyumba, ni mawe, miamba ya graniti ya mviringo, watu wamejenga katikati yake mpaka juu. Moro mji uko chini halafu Uluguru inasimama nyuma, Lushoto nayo ni miti na mashamba ya matuta, mawe ya vile hupati. Lile jengo refu juu ya kilima nahisi Bugando hospitali, ila kwa ukungu ule siapi.

Kutaka uhakika, usiangalie hii uliyonitumia Whatsapp, ile inafuta lokesheni, na tarehe kwenye jina la faili (IMG-2024... WA) ni ya kutumwa sio ya kupigwa. Fungua orijino kwenye simu yako, angalia saa yake, halafu picha zilizopigwa dakika chache kabla na baada, ukiona ziwa au feri basi kesi imeisha. Mwenzio ndo aliipiga? Mwambie atume kama dokyumenti.